Bosi akikuita "Ndugu" ujue mambo yameharibika

Mwezi uliopita ofisi moja hapa Dar ambayo huwa nafanya nao kazi za hapa na pale ilitoa waraka wa ukurasa mmoja na nusu, unasema kuanzia sasa mawasiliano yote ya kazi ni kwa imeili tu, na grupu la wasapu libaki kwa ajili ya misiba, harusi na kutakiana heri. Sababu iliyoandikwa ni "kushuka kwa nidhamu ya mawasiliano hususan miongoni mwa watumishi vijana". Nikawaonyesha jamaa zangu wawili wa ofisi nyingine wakacheka, kwao waraka wa namna hiyo ulishatoka zamani na ulishasahaulika. Mabishano yaliyofuata ni yale yale tunayoyajua, wakubwa wanasema vijana hawana adabu ya kuandika, vijana wanasema wakubwa wameachwa na dunia, na kila upande unaondoka umeridhika kwamba tatizo ni mwenzake.

Mimi naona wote wamepiga pembeni. Grupu la kazini halina adabu pungufu kuliko imeili, lina adabu ya aina nyingine ambayo imewekwa sehemu nyingine ya sentensi. Kwenye grupu heshima inafuata umri na undugu, kwenye imeili heshima inafuata cheo. Sasa mtu yule yule ambaye asubuhi ulikuwa dada yake mkubwa, mchana anaweza kukuandikia kama mkuu wako wa kitengo, na hajakosea popote, pande zote mbili ni kweli. Kinachochoma ni pale jambo moja linapohama kutoka grupu kwenda imeili katikati ya safari bila mtu yeyote kusema kwamba limehama. Hapo ndipo watu wanagombana, halafu tunaita "nidhamu".

Ili nieleweke inabidi tuangalie Kiswahili chenyewe kidogo, maana tunakitumia kila siku hatukioni. Wafaransa wana neno moja la kumwita rika lako na lingine la kumwita mkubwa, wenzetu wa Kongo na Burundi wanalijua hilo vizuri. Sisi "wewe" yetu ni moja, ukimwandikia mkurugenzi ni wewe, ukimwandikia mlinzi ni wewe. Wapo wanaomsemesha mkubwa kwa wingi, "mmeamkaje mama", ila kwenye maandishi ya ofisini haijashika. Kwa hiyo heshima yote ambayo wenzetu wameiweka kwenye hilo neno moja sisi tunalazimika kuitafutia pa kukaa. Kwenye grupu inakaa mwanzoni na pembeni, yaani kwenye salamu, kwenye "kaka", "dada", "mkuu", "wapendwa", kwenye ile mikono iliyoshikana 🙏, na kwenye kitenzi tunachokilegeza. Hatuandiki "tuma ripoti", tunaandika "naomba unitumie ile ripoti dada", au ujanja wa hali ya juu zaidi, "tumalizie ile ripoti", kana kwamba na wewe utashika kalamu wakati kila mtu anajua anayemalizia ni yeye peke yake. Neno "ile" nalo linafanya kazi kubwa hapo, linasema mimi na wewe tunajua tunaongelea nini, hatuhitaji kuelezana.

Kwenye imeili au barua hivyo vyote vinavuliwa. Salamu haipo, undugu haupo, mikono haipo. Heshima inahamia kwenye umbo: kuna YAH: kwa herufi kubwa, kuna "husika na kichwa cha habari hapo juu", kuna "nakala kwa", kuna "naomba kuwasilisha". Halafu kitenzi kinageuzwa ili anayeamuru asionekane, "unaombwa", "imebainika", "imeelekezwa". Nani ameelekeza? Haisemwi. Watu wengi wanadhani huo ni ubaridi ila ukifikiria vizuri ulibuniwa uwe upole, kwamba mimi sikuamrishi bali ofisi ndiyo inayokuomba, kesho mimi nikihama kiti anayekuja ataendelea kukuomba hivyo hivyo. Ni adabu ya kumficha mtu. Adabu ya grupu ni ya kumleta mtu karibu. Zote adabu, ila zinaelekea pande tofauti, ndiyo maana ukiichukua moja ukaipandikiza kwa mwenzake inageuka tusi. Jaribu kuandika kwenye grupu saa mbili asubuhi, "Wahusika mnatakiwa kuwasilisha risiti kabla ya saa sita", bila salamu bila chochote, uone ukimya utakaopata. Neno kwa neno ni sentensi ambayo kwenye waraka wala isingemshtua mtu.

Na hivi vitenzi vya kujificha vina ngazi yake ambayo haijaandikwa popote lakini kila aliyekaa ofisini miaka miwili anaisoma kama mita ya umeme. "Unaombwa" bado mko salama. "Unakumbushwa" maana yake umeshahesabiwa mara moja. "Unatakiwa" hapo mlango wa upole umefungwa. "Unaelekezwa" kuna mtu wa juu ameshajua. Na ikifika "unatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi kwanini usichukuliwe hatua za kinidhamu" huhitaji mtu wa kukutafsiria. Kuna na "tafadhali", hili neno tulifundishwa shuleni ni la upole lakini kwenye grupu la kazini mara nyingi ni la mtu aliyechoka, "jamani tafadhali" ukiiona ujue kuna anayehema, upole wenyewe siku hizi uko kwenye "naomba".

Lakini neno linalonichekesha kuliko yote ni "Ndugu". Kwa asili ni neno la damu, na enzi za TANU na Ujamaa lilifanywa anwani ya watu wote makusudi kabisa ili tusiitane bwana mkubwa na bwana mdogo. Leo hii ndilo neno la baridi kuliko yote ofisini. Bosi wako siku zote anakuita "mdogo wangu", "kijana wangu", "mama Brayani", siku ukifungua imeili ukakuta "Ndugu" halafu majina yako matatu kama yalivyo kwenye mkataba, tumbo linacheza kabla hujafika aya ya kwanza. Undugu wa kwenye karatasi unafuta ule wa kwenye grupu.

Kwenye kampuni binafsi kuna ngazi nyingine juu ya hii, kwamba grupu ni Kiswahili na imeili ni Kiingereza, kwa hiyo linapohama jambo inahama na lugha. Kuna dada alikuwa ananiambia mkuu wake akianza "kaindili" tu anajua leo kaja na visu. Hilo ningelichambua lingekula makala nzima, naliacha hapo, ila lishike kichwani kwa sababu linafanya ufa uwe mpana zaidi: mtu anayejieleza vizuri kabisa grupuni kwa lugha yake anapelekwa kujitetea kwa lugha ambayo anaiogopa.

Sasa niwape kisa kimoja kizima maana bila kisa haya ni maneno tu. Ofisi ni ya ugomboaji wa mizigo bandarini, sitaitaja, mimi nilikuwepo kwenye grupu lao kwa sababu ya kazi nyingine kabisa. Kulikuwa na kontena la mteja wa Mwanza. Kwa wasioijua kazi hii, kontena likishuka unapewa siku kadhaa za bure, zikiisha unaanza kulipa storeji ya bandari na tozo ya mwenye meli ya kukaa na kontena lake, kila siku inayopita. Na huwezi kulitoa mpaka wakala wa meli akupe dilivari oda, nayo haitoki mpaka umelipa gharama zake kwa invoisi aliyokutumia. Kwa hiyo mnyororo ni huu, dada wa nyaraka anapokea invoisi, anaomba hela kwa mhasibu, mhasibu analipa, wakala anatoa oda, operesheni wanalitoa kontena. Msimamizi wa operesheni ni kijana wa miaka kama 31, kwa cheo yuko juu ya dada wa nyaraka, kwa umri dada yuko mbele yake si chini ya miaka 12. Kumbukeni hilo.

Jumatatu saa 1:40 asubuhi kijana anaandika grupuni: "Asubuhi njema wapendwa 🙏 dada mkubwa ile oda ya Mwanza imetoka? siku za bure zinaisha ijumaa tusije tukaliwa". Dada anajibu: "Naifuatilia kaka angu, leo leo". Kijana: "🙏🙏 pamoja sana". Nzuri kabisa, mtu yeyote akisoma anaona ofisi yenye amani. Mchana dada akaandika tena grupuni, "Kaka mhasibu naomba uniangalizie ile ya oda", na mhasibu akaweka dole 👍. Jumatano dada akatuma voisi ya dakika 2 na sekunde 40, ndani yake, kama ukiisikiliza mpaka mwisho, anasema hela haijatoka kwa hiyo wakala hajatoa oda. Alhamisi kijana: "Dada vipi ile kitu". Kimya. Ijumaa siku za bure zikaisha.

Jumatatu iliyofuata saa 3 asubuhi ikaja imeili. Ilikuwa hivi, nimetoa tu yanayoweza kumtambulisha mtu: "YAH: UCHELEWESHAJI WA NYARAKA ZA MTEJA. Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea mawasiliano yetu ya Jumatatu iliyopita ambapo uliahidi kuwa oda ingepatikana siku hiyo hiyo. Hadi sasa hakuna taarifa yoyote iliyopokelewa kutoka kwako. Unatakiwa kutoa ufafanuzi kabla ya saa 10 jioni leo." Na kwenye CC yupo meneja wa fedha, yupo na afisa utumishi.

Dada alilia, sisemi kwa kutia chumvi, alitoka nje akalia. Na watu wakagawanyika mara moja, wengine "kijana hana adabu kumwandikia hivi mama mzima", wengine "si kazi jamani, hela ya mteja inapotea". Tukiitazama taratibu lakini, hakuna sentensi hata moja kwenye ile imeili ambayo si ya kawaida kwa imeili. Tatizo liko kwenye maneno yaliyochukuliwa kutoka grupu. "Leo leo" ya grupu ilikuwa ya kutia moyo, ni ile ile anayotuambia fundi, ukiisikia huandiki tarehe kwenye kalenda. Ilipoingia kwenye imeili ikageuka "uliahidi". "Hakuna taarifa yoyote" nayo, taarifa ilikuwepo, imelala ndani ya voisi ambayo hakuna aliyefika sekunde ya 90, na voisi huwezi kuinukuu kwenye imeili hata ukitaka. Na lile dole la mhasibu ndio kiini cha msiba wote, maana dada alilisoma kama "nalipa", mhasibu mwenyewe nilipomuuliza baadaye akaniambia yeye alimaanisha "nimeona, nasubiri uniletee ombi la malipo kwenye imeili na invoisi umeambatanisha", kwa sababu bila hicho kiambatanisho mfumo wao haumruhusu kutoa hata shilingi. Yaani mhasibu alikuwa anasubiri imeili, dada anasubiri hela, kijana anasubiri oda, na wote watatu grupuni wanaitana kaka na dada kwa upendo mkubwa.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alikosa adabu nitakwambia hakuna. Adabu ndiyo iliyoficha tatizo siku tano, kwa sababu kwenye grupu kumuuliza dada mkubwa mara ya pili kwa ukali ni utovu wa heshima, na kijana alikuwa anajua, akaona bora anyamaze mpaka atakapokuwa na kiti chake cha cheo cha kukalia. Imeili ndiyo ilimpa hicho kiti. Dada naye siku ile alipoteza zaidi ya hoja, alipoteza umri wake mbele ya watu wawili wa CC ambao hawakuwahi kuiona ile "dada mkubwa" ya Jumatatu.

Nikirudi kwenye mabishano, hoja dhaifu kuliko zote ni hii ya waraka, kwamba vijana hawajui kuandika. Mimi nimesoma imeili za hao vijana, zina YAH, zina rejea, zina naomba kuwasilisha, tena wengine wanazidisha mpaka unahisi unaandikiwa na mkuu wa wilaya. Wanajua vizuri sana, wengi wamenakili kwenye faili la ofisi imeili ya mtu aliyewatangulia na kubadilisha jina. Na kwa upande wa grupu, anayetuma picha ya ua jekundu lenye "Asubuhi yenye baraka" saa 11 alfajiri kila siku ya Mungu si kijana wa miaka 24, tunamjua. Kisa nilichowapa kijana aliandika kwa usahihi pande zote mbili. Usahihi wenyewe ndio uliouma. Ukimpeleka mtu kama huyo kwenye semina ya uandishi wa barua atarudi anauma vizuri zaidi.

Hoja yenye nguvu ya upande wa imeili tu ni nyingine na inatakiwa iheshimiwe, ni hoja ya kumbukumbu. Kwenye wasapu mtu anaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, anaweza kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo, na mtu akiacha kazi anaondoka na simu yake na historia yote mfukoni. Serikalini watumishi wanatakiwa kutumia imeili za serikali, zile zinazoishia na go.tz, kwa shughuli za serikali, na sababu yake inaeleweka, siri na kumbukumbu za nchi haziwezi kukaa kwenye simu ya mtu ya mkopo. Hilo sina ubishi nalo. Ila tuone kwamba hiyo ni hoja ya utunzaji, haina uhusiano wowote na toni. Ukilazimisha kila kitu kiende imeili, pamoja na "jamani nani kachukua funguo ya stoo", watu hawataacha grupu, watafungua la pili ambalo wewe haumo. Nimeona ofisi yenye magrupu manne, la rasmi, la rasmi bila bosi, la rasmi bila bosi na yule anayempelekea bosi, na la nne sijui hata lilianza lini.

Upande wa pili wanasema imeili imekufa, tufanye yote wasapu, mbona biashara zote mtaani zinaenda hivyo. Hapa nako kuna ukweli, kwenye operesheni anayesubiri imeili kontena linalala. Lakini wengi wa wanaosema hivi wanaamini kitu ambacho si kweli, kwamba grupuni ni mazungumzo tu hayana uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kifungu cha 18 inasema ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kwenye ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kinachopimwa ni ulitengenezwaje, umetunzwaje, na mtumaji ametambuliwaje. Ujumbe wa grupu unaweza kabisa kuja kusomwa mezani kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na "leo leo" yako ikasomwa na mtu aliyevaa tai ambaye hajui kwamba mlikuwa mnataniana. Kinyume chake pia ni kweli na wakubwa wanakisahau, kumfokea mtu grupuni mbele ya watu 60 hujachukua hatua yoyote ya kinidhamu. Kanuni za utendaji bora za 2007 zilizotungwa chini ya sheria ya ajira zinataka mtu aelezwe tuhuma kwa namna na lugha anayoielewa, na apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao. Dole, mikono iliyoshikana na "jamani tafadhali" haviwi onyo. Bosi aliyezoea kufoka grupuni akija kusema "nilimwonya mara nyingi" ataulizwa onyo liko wapi.

Kwa hiyo yote mawili yana uzito ila uzito wao unapimwa kwa mizani tofauti, na ofisi haitapona kwa kuua kimojawapo. Inachohitaji ni kujua jambo linavuka lini, na livukeje. Kwa uzoefu wangu yapo mambo matatu ambayo hayatakiwi kulala grupuni hata usiku mmoja. Hela ikiingia, livuke. Tarehe ambayo ikipita kuna mtu analipa, livuke. Na pale ambapo unaona kidole kimeanza kutafuta pa kuelekea, yaani mmeanza kuulizana nani, hapo livuke kabla hasira hazijavuka zenyewe. Kwenye kisa cha Mwanza lilitakiwa livuke Jumatatu ile ile mchana, siku ya hela na tarehe, wakati bado wanaitana dada na kaka. Lilivuka siku saba baadaye, siku ya kidole. Imeili iliyoandikwa siku ya kidole haiwezi kuwa na toni nzuri hata ungemwajiri malenga aiandike.

Na namna ya kuvusha ndiyo inaamua yote. Kuna mama mmoja mkuu wa kitengo niliwahi kufanya naye kazi, alikuwa na sentensi yake moja ambayo alikuwa anaiandika grupuni kila mara kabla ya kuandika imeili: "Wapendwa hili naliandikia imeili ili kumbukumbu ikae, msishtuke." Basi. Maneno manane tu na imeili yake ikija, hata ikiwa na YAH na CC ya mkurugenzi, hakuna aliyetokwa jasho, kwa sababu aliyeivusha ni yule yule mama wa grupuni, ametushika mkono. Mwanzo nilidhani ni woga wake tu, kutaka kupendwa. Baadaye nikaja kuona kwamba alikuwa anatoa taarifa ya jambo ambalo lugha yenyewe haina namna ya kulisema, kwamba sasa nabadilisha kiti lakini sijabadilisha uso.

Kuna kingine alikuwa anafanya ambacho nimekiiba. Hakuwa ananukuu maneno ya grupu kama ushahidi, alikuwa anayauliza. Badala ya "uliahidi kuwa oda ingepatikana" angeandika "Jumatatu grupuni nilielewa kwamba oda ingetoka siku hiyo, naomba unieleze imekwama wapi." Bado ni imeili, bado ina tarehe, bado utumishi akitaka kuitumia ataitumia. Lakini inamwachia dada mlango wa kusema hela haikutoka, na dada angesema siku hiyo hiyo, na mhasibu angejibu hapo hapo kwamba anasubiri kiambatanisho. Ile ya "uliahidi" inamwachia mlango mmoja tu wa kujitetea, na mtu anayejitetea hakupi taarifa, anakupa ngao. Majibu ya dada siku ile yalikuwa na aya sita na ndani yake hakuna hata moja iliyotaja invoisi.

Najua kuna atakayesema huku ni kubembelezana, watu wamelipwa wafanye kazi. Sawa, ila piga hesabu ya kisa chetu, imeili ilitoka Jumatatu saa 3 asubuhi, kutwa nzima wakaandikiana ngao, na ombi la malipo lenye invoisi lilimfikia mhasibu Jumanne saa 5. Zaidi ya siku nzima imeenda kwenye toni, na storeji inahesabu, haijali nani kamwita nani Ndugu.

Huo waraka wa mwezi uliopita sasa, wa kwamba yote yaende imeili. Ulitumwa kwa imeili siku ya Jumatano, kama unavyoagiza wenyewe. Mpaka Ijumaa karibu hakuna aliyeufungua. Ijumaa saa 9 alasiri afisa utumishi akaingia grupuni akaandika: "Habari za mchana wapendwa 🙏 naomba tupitie imeili zetu kuna waraka muhimu." Yakaja madole kumi na moja.